Kupanga aya ya Epikuro kwa nambari

"Mwalimu ametupa aya ya Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu kifo tuipange kwa nambari. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, anza na hitimisho, ambalo hapa limetangulia: kifo si kitu kwetu. Sababu zinazofuata ni mbili: (1) kila jema na baya limo katika kuhisi, (2) kifo ni kukoma kwa kuhisi. Kwa hiyo (3) kuwa mfu si jambo baya kwa aliyekufa. Nimelibana hitimisho makusudi, kwa kuwa "si kitu" ni kauli pana mno kutokana na hizo mbili.

Sasa jaribu kuzikubali sababu zote huku ukilikana hitimisho. Ukishindwa, hoja imeshikamana, na kilichobaki ni kupima ukweli wa sababu zenyewe. Naona (1) ndiyo dhaifu: anayesengenywa soko la Kibuye asijue kamwe hahisi lolote, ila wengi wetu tungesema amedhulumiwa. Pingamizi hilo liandike kando, lisiingie kwenye nambari.

Ukitaka kufikia kwamba kifo hakistahili kuogopwa, ongeza (4), ambayo Epikuro anaitoa mbele kidogo: kisichosumbua kinapofika hakina sababu ya kuhofiwa kikisubiriwa.