Sababu kwanza, jina mwisho: kwa washereheshaji wapya wa msimu wa tuzo

Wadogo zangu mnaoanza kushika kipaza sauti hapa Dodoma, Mei Mosi ikipita tu mnaanza kuitwa kwenye sherehe za idara, za halmashauri na za shule, na kila mwaka kosa ni lile lile. Mshereheshaji anasimama, anasema "mshindi wetu ni mama yetu wa masjala", ukumbi mzima unageuka kumtazama mama wa masjala, vigelegele vinapigwa, halafu ndipo anaanza kusoma sababu za kumpa tuzo. Nani anamsikiliza? Mama mwenyewe amekwishasimama, anatafuta viatu alivyovivua chini ya meza. Kazi yake ya mwaka mzima inasomwa juu ya kelele.

Naandika kwa sababu mnaweza kulirekebisha hili jioni moja tu, mkiwa na karatasi na penseli.

1. Wasifu wa mshindi usiupokee kama ulivyo.

Afisa utumishi atakupa karatasi iliyoandikwa "mchapakazi, mtiifu, mwenye nidhamu na ushirikiano". Maneno hayo yanamfaa kila aliyeketi ukumbini, kwa hiyo hayamheshimu yeyote, wala hayamfanyi mtu akae mkao wa kusikiliza. Rudi kwa msimamizi wake wa karibu, umwombe mambo matatu: tukio moja, lilitokea lini, na nani alinufaika. Ukikosa tukio, mpigie tena. Usipande jukwaani bila tukio.

2. Panga sentensi kwa hesabu ya watu wanaobaki.

Hapa ndipo wengi mnaanguka, basi nikae hapa kidogo.

Kila sentensi unayosoma inawaondoa baadhi ya watu kwenye mawazo ya wasikilizaji. Ukianza na cheo au ofisi, umewaondoa wote kwa pigo moja. Unachotaka ni wapungue taratibu, na mpaka kabla ya sentensi ya mwisho wawe wamebaki angalau wawili.

Tuchukue mfano wa kutunga. Taasisi iko Mji wa Serikali, Mtumba, ina watumishi 60. Mshindi ni mhudumu wa masjala, mwanamke, mkongwe kuliko wote pale. Masjala ina watu watatu. Wasifu unaweza kwenda hivi:

"Mwaka jana wastaafu tisa waliondoka katika taasisi hii, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa na mfuko wa pensheni kwa sababu ya barua iliyokosekana."

Hapo bado wamebaki 60. Hujamtaja mtu, umetaja jambo. Lakini kila mtumishi ukumbini ana mjomba au shangazi aliyezungushwa kwa ajili ya barua moja, kwa hiyo wametulia.

"Halikutokea lenyewe. Yupo mtumishi aliyeanza kuwatafuta wastaafu hao miezi sita kabla ya siku yao ya mwisho kazini."

Sasa watu wanawawaza utumishi, uhasibu na masjala. Tuseme wamebaki 15.

"Mmoja wao aliajiriwa mwaka 1987, na barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa haionekani. Mtumishi huyu aliikuta ndani ya jalada la mtu mwingine mwenye jina linalofanana na lake."

Wamebaki wale wanaogusa majalada kila siku, wanne au watano. Na hapa linatokea jambo jema ambalo wengi hamlioni: mshindi mwenyewe amejitambua. Anaikumbuka barua ile. Amepata nusu dakika ya kumeza mate na kupangusa macho kabla macho ya watu hayajamfikia. Upole wa kusubirisha uko hapo. Mshindi atangulie kujua kidogo, ukumbi ufuate.

"Wengi wenu mmefika dirishani kwake mkiwa na haraka na hasira, mkaondoka na jalada mkononi na neno la heri."

Dirisha ni la masjala. Wamebaki watatu, na kwa hilo "neno la heri" labda wawili.

"Mabibi na mabwana, mfanyakazi hodari wa mwaka huu, kutoka masjala, ni..." na jina.

Ukisoma kwa mwendo wa ukumbini, usio wa haraka, yote hayo ni dakika moja hivi. Haizidi.

Angalieni pia kilichoachwa nje. Hakuna "mama yetu", kwa sababu Kiswahili chetu kinakuruhusu kusema "mtumishi huyu alifanya, akatafuta, akapata" bila kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Ukitia "mama", "dada" au "mzee wetu" mapema, umefuta nusu ya orodha bila faida. Hakuna miaka ya utumishi pia, maana mkongwe wa ofisi anajulikana na kila mtu. Miaka hiyo ihifadhi, uisome akiwa anatembea kuja mbele.

Namna ya kujipima: chukua orodha ya watumishi, soma sentensi ya kwanza, kata kwa penseli majina yasiyowezekana tena. Soma ya pili, kata. Ukiona sentensi moja imekata kutoka 60 hadi mmoja, hiyo ihamishe mwisho au iandike upya. Kama wewe ni mgeni pale, zoezi lifanye na afisa utumishi, kwa sababu yeye anajua ni nani tu mwenye pikipiki nyekundu au nani hukaa ofisini hadi saa mbili usiku. Vitu vidogo hivyo ndivyo vinavyovujisha.

Na kama mshindi ni wa pekee katika kazi yake, kwa mfano dereva pekee wa ofisi? Usitaje gari, safari wala barabara mwanzoni. Anza na walionufaika: wajumbe waliofika Kondoa na Mpwapwa kwa wakati, vikao ambavyo havikuahirishwa. Watu watawawaza waandaaji wa vikao, wahasibu wa posho, makatibu. Barabara iingie kwenye sentensi moja kabla ya jina. Atajulikana hapo, na hakuna ubaya, kwa kuwa sababu zimekwishasikika.

3. Kusubirisha kusiwe kutesa.

Kuna kijana anasema "na mshindi ni... ni... ngojeni kwanza tupate burudani!" Jamani, acheni. Katika ukumbi ule wapo watu wawili watatu ambao moyo unawadunda kwa matumaini, na kila sekunde unayoongeza unawaongezea maumivu, si mshindi. Baada ya neno "ni", hesabu kimoyomoyo moja, mbili, kisha taja. Ngoma ya dijei isizidi hapo. Usitoe dalili za uongo wala usitaje jina la mtu mwingine kwa utani. Aliyetajwa kwa utani atacheka mbele za watu, lakini kesho ofisini ataitwa "mshindi" kwa kejeli.

4. Jina liwe neno la mwisho.

Vigelegele hufunika chochote kinachokuja baada ya jina. Kwa hiyo cheo, idara na aina ya tuzo vitangulie. Taja jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, mara moja, kwa sauti iliyonyooka, kisha nyamaza. Kelele zikishuka, lirudie pamoja na jina analojulikana nalo ofisini. Hili ni muhimu sana kwetu, maana mtu anaweza kuitwa Mama Fulani au Mzee Fulani kwa miaka mingi hata wenzake wasijue jina lililo kwenye barua yake ya ajira. Ukitaja la kwenye barua peke yake unapata ukimya wa watu wanaoulizana "ndiye nani huyo?", na mshindi anasimama peke yake katikati ya ukimya huo.

Matamshi ya jina muulize msimamizi wake mapema. Usiyajaribie jukwaani.

5. Kadi moja, jina moja.

Mwaka 2015, kwenye mashindano ya Miss Universe, mshereheshaji Steve Harvey alimtangaza mrembo wa Kolombia, taji likawekwa, kisha akalazimika kurudi na kusema mshindi ni wa Ufilipino. Kadi aliyoishika ilikuwa na majina ya washindi wa pili na wa tatu pia, na la mshindi likiwa chini pembeni. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi wa jukwaa alidanganywa na mpangilio wa karatasi. Basi nawe usikubali kupewa orodha yenye safu za "wa kwanza, wa pili, wa tatu". Kila tuzo iwe na kadi yake, aina ya tuzo juu kwa herufi kubwa, jina moja chini. Kama sherehe ni ya wazi, tumia kadi ngumu au ubao wenye kibanio, maana upepo wa Dodoma haujali kama umefika sentensi ya tatu.

6. Ziba mianya.

Siri nyingi hazivujishwi na mdomo. Vyeti vimepangwa meza kuu, majina yakitazama juu, na kila anayepita kumsalimu mgeni rasmi anasoma. Vilaze kifudifudi au vitie kwenye bahasha. Ratiba iliyochapishwa iandike "utoaji wa tuzo" tu. Mpiga picha ndiye hatari kuliko wote: ukimwambia mapema, atasimama mbele ya mshindi na kamera imeinuliwa. Mwambie asimame karibu na jukwaa, amsubiri huko. Na mshindi usimpandishe kiti cha mbele ghafla ilhali siku zote hukaa nyuma. Mtafutie kiti cha pembeni mwa njia, kupitia msimamizi wake, kwa sababu nyingine yoyote ya kweli, kama kusaidia kugawa maji au kusimamia daftari la mahudhurio.

Mgeni rasmi naye aambiwe kupitia mtu wa itifaki kwamba sababu zitasomwa kwanza, ili asiinuke na cheti ukiwa sentensi ya pili. Akiinuka, watu wote huinuka naye.

7. Hakikisha mshindi yupo.

Dakika kumi kabla, mtume mtu akamwone kwa macho. Si kupiga simu. Kama hayupo, amesafiri, anaumwa au yuko msibani, mpango wote unabadilika: usijenge hamu ya kumwona mtu ambaye hatatokea. Anza na jina, sema yuko wapi iwapo ameridhia lisemwe, kisha soma sababu zote polepole, na mwite mwenzake wa ofisi moja apokee kwa niaba yake. Ile karatasi ya wasifu itie ndani ya bahasha pamoja na cheti, ili naye ajue yalisomwa yapi.