Hadithi ya Sungura: kiitikio kinapokufa katikati

Swali: Habari mwalimu. Niko Ahero, Kaunti ya Kisumu. Kikundi chetu kimeniomba nisimulie ile hadithi ya Sungura, Ndovu na Kiboko jioni moja mwezi ujao. Tutakuwa watu kama 60, wazee kwa watoto. Nimeandika kurasa 7, na kila baada ya aya nimeweka "Hadithi hadithi!" ili watu wasisinzie. Kwenye mazoezi waliitikia mara mbili tu, halafu kimya. Niongeze viitikio? Na mimi nikinyamaza, ninyamaze kwa muda gani?

Jibu: Usiongeze. Futa vyote, ubakishe kile cha kwanza.

"Hadithi hadithi!" na "Paukwa!" ni mlango, na mlangoni mtu hupita mara moja. Mtoto akishaketi, akamwona Kiboko akitoka majini, ukimpigia tena "Hadithi hadithi!" unamtoa nje umrudishe kizingitini. Mara ya kwanza atakujibu kwa furaha, ya pili kwa adabu, ya tatu atakuwa anamchokoza mwenzake. Wasikilizaji wako hawakuwa wamelala. Walichoka kuitwa bila kupewa kazi.

Tabia hii najua imetoka wapi. Imetoka kwa washereheshaji wa harusi na wale wanaouza hadithi za kukariri kupitia simu, wanaomfundisha kila mtu kwamba hadhira ni kama injini ya zamani: ikizima, isukume. "Mko wapi?" "Makofi kwa Sungura!" Hayo si maitikio, ni kelele.

Kiitikio cha kweli huwa ndani ya tukio. Kuna jambo linatendeka, na halitendeki mpaka hadhira iseme. Hadithi uliyochagua inacho tayari, nashangaa hukukiona: ni ile kamba. Ndovu amemdharau Sungura kwa udogo wake, na Kiboko vilevile, kila mmoja kwa wakati wake. Sungura anawekeana dau na kila mmoja kwamba atamvuta mpaka amshinde, anawapa ncha mbili za kamba moja, kisha anajificha katikati, kichakani, mahali ambapo hao wawili hawaonani. Basi igawe hadhira. Walio mkono wako wa kushoto ni Ndovu, wa kulia ni Kiboko. Wote wanajua siri ambayo wahusika hawaijui, na kicheko chote cha hadithi hii kinatoka hapo.

Iandike hivi:

Fanani: Sungura akaingia kichakani, akapaza sauti: Ndovu, vuta!
Kushoto: Siachi!
Fanani: Kiboko, vuta!
Kulia: Siachi!

Neno la kujibu liwe fupi na liishie kwa irabu, ili hata bibi asiye na meno alitoe kwa nguvu. Ukiwapa sentensi ya maneno sita, kila mtu ataimaliza kwa wakati wake na utapata mnong'ono. Usisimame kuwafundisha pia. Mara ya kwanza ita, kisha ujibu mwenyewe pamoja nao ukiwaelekezea mkono. Inatosha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi huharibu. Kiitikio kisirudi jinsi kilivyokuja. Asubuhi wavutaji wana nguvu, kwa hiyo unaita kwa sauti ya kawaida nao wanajibu kwa kishindo. Jua la utosi, unaita haraka zaidi, kushoto na kulia zikikaribiana hadi zipandiane. Jioni wamechoka: unaita polepole, sauti imeshuka, na utashangaa hadhira itakavyoshuka nawe bila kuambiwa. "Siachi" ile ya tatu, ya kunong'ona, ndiyo inayochekesha kuliko zote. Mara ya nne usiite. Inua mkono kana kwamba unaita, waache wavute pumzi, nyamaza. Halafu: Sungura akatoa kisu. Kacha! Ndovu chini, pu! Kiboko majini, chubwi!

Hapo umepata na jibu la swali lako la pili, lakini nitalifafanua, kwa sababu kimya kinaogopwa bure. Kimya hakipimwi kwa saa, kinapimwa kwa kile hadhira inachongoja. Kabla ya kisu, hesabu moja hadi tatu moyoni. Ukiuliza swali, mathalani "Sungura akafanya nini?", ngoja mpaka mtu ajibu, hata akikosea. Wakicheka, usiseme neno mpaka kicheko kishuke kufika nusu. Ukingoja kiishe kabisa umechelewa, ukianza mapema unakimeza.

Kinachofanya kimya kionekane kama umesahau si urefu wake. Ni kuteremsha sauti mwishoni mwa sentensi kisha kutazama chini. Simama sentensi ikiwa bado juu, "akatia mkono mfukoni, akatoa...", macho yako yakiwa kwa watu na mwili umetulia. Utajua kimefanya kazi pale mtoto atakapokutangulia: "Kisu!" Usimkemee, mpe nafasi. Wakianza kukohoa na kusogeza viti, umezidisha, au uliwanyamazia mahali ambapo hawakuwa wakingojea lolote.

Kuhusu kurasa 7: ziweke kando. Ukisoma, macho yako yako kwenye karatasi na hutaona ni upande gani umechoka. Ukikariri neno kwa neno, mtoto mmoja akikukatiza utapotea. Andika upande mmoja wa karatasi: dharau ya Ndovu, dharau ya Kiboko, kamba, kuvuta mara tatu, kisu. Yanayoandikwa kamili ni mlango, mwito na jibu lake, na sentensi ile ya kisu. Mengine yaseme kwa maneno ya siku hiyo. Dakika 12 zinatosha. Kama mazoezini unafika 20, shida iko kwenye dharau mbili za mwanzo. Ya Kiboko ifupishe, kwani hadhira imeshaielewa kutoka kwa Ndovu.

Taa iwe mbele yako kidogo, upande mmoja, urefu wa kifua. Ikikaa nyuma yako watakuona kivuli, na ule mkono wa mara ya nne utapotea gizani.

Sasa mwisho, ambapo naona maafa kila mahali, kuanzia mashindano ya shule hadi hafla za vijijini. Fanani amesimulia vizuri, watu wanacheka, naye anasimama wima kama anasahihisha mtihani: "Hadithi hii inatufunza kwamba tusidharau wadogo." Nani hakujua? Wazee wamekaa na Ndovu chini na Kiboko majini, wewe unawapa muhtasari. Maswali ya funzo ni ya darasani, mtahini ana alama za kugawa. Jioni kijijini hakuna mtahini. Wanaouza zile hadithi za kukariri huweka funzo kwa herufi nzito mwishoni, na ukiliona hapo jua aliyeandika hajawahi kuketi mbele ya watu 60 gizani.

Wewe uko Ahero, na wazee wako walikua na sigana, hadithi za Kijaluo, katika siwindhe, nyumba ya nyanya zao. Wana kifungio chao tayari: "Thu tinda." Kiseme mara moja, uketi. Kama kuna mzee anayetaka kuongezea hadithi ya Apuoyo, Sungura wa Kijaluo, anayoijua yeye, atakuwa ameanza kabla hujafika kwenye kiti.