Seti ya mbuzi, kifumbu na upawa: jina lake liandikwe vipi sokoni mtandaoni

Nauza vyombo vya jikoni vya asili nikiwa hapa Lindi mjini. Kinachotoka zaidi ni seti ya nazi: mbuzi moja, kifumbu kimoja, upawa mmoja, kawa moja na miko miwili. Jumla vipande sita. Nilipoipandisha mtandaoni mara ya kwanza niliiita hivi:

"Seti Nzuri ya Jikoni ya Asili Kutoka Lindi Imara Bei Poa Mbuzi ya Nazi, Kifumbu cha Kuchujia Tui, Upawa wa Kifuu, Kawa la Ukindu na Miko Miwili ya Mti"

Niliona nimeeleza kila kitu. Ujumbe wa kwanza niliopata ulitoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam: "Dada, ndani ya seti kuna nini? Masufuria yapo?"

Nikafungua tangazo langu kwenye simu ya mdogo wangu, nikaelewa. Kwenye orodha ya bidhaa simu ilikata jina karibu na herufi ya arobaini, na mteja alikuwa anaona "Seti Nzuri ya Jikoni ya Asili Kutoka Lin" basi. Hakuna hata chombo kimoja. Neno "Mbuzi" lilianza kwenye herufi ya 58, na jina zima, ukihesabu na nafasi, lilifika herufi 150. Jina la namna hiyo soko la mtandaoni la Etsy hawalipokei, maana kikomo chao ni herufi 140. Soko jingine, eBay, wanaruhusu 80 tu.

Nikakimbilia upande wa pili, nikaandika "Mbuzi ya Nazi na Vifaa Vyake". Fupi, lakini sasa wateja walidhani bei ni ya mbuzi peke yake na wakaiona ghali. Kufupisha kulikuwa kumeficha hesabu, na kwenye seti hesabu ndiyo inayoihalalisha bei.

Jina ninalotumia sasa ni hili:

"Seti ya Mbuzi ya Nazi na Vifaa 5: Kifumbu, Upawa, Kawa, Miko 2"

Herufi 62. Hata simu ikikata kwenye arobaini, mteja ameshaona kwamba hii ni seti, kwamba mbuzi imo, na kwamba kuna vitu vingine vitano. Majina ya hivyo vitano yanakuja baadaye kwa sababu ndiyo yanayoweza kukatwa bila kumpotosha mtu.

Chombo kikuu kinatajwa kwa jina ambalo watu hulitafuta. Usiandike "Mbuzi" tupu, kwani aliyetafuta mbuzi wa kufuga atakuja kwako bure, na anayetaka ya kukunia atakukosa katikati ya mifugo. "Mbuzi ya Nazi" ibaki pamoja, maneno matatu yakifuatana.

Halafu namba zijumlike. Kifumbu, upawa, kawa, miko miwili: tano. Zamani niliandika "Vifaa 4" kwa kuhesabu aina, miko nikaihesabu moja. Kaka mmoja wa Masasi akapokea mzigo akaniuliza kwa nini hesabu ya tangazo na ya mfukoni hazilingani. Alikuwa amepata zaidi, lakini alishaanza kunitilia shaka. Sasa nahesabu vipande, na kitu kikiwa zaidi ya kimoja naweka namba yake pembeni.

Je, kila kitu kitajwe? Mimi najiuliza: nikikisahau kukifunga, mteja atadai? Kawa atadai, kwa hiyo kawa limo kwenye jina. Kikapu cha ukindu ninachofungia mzigo hatadai, hicho nakieleza chini kwenye maelezo na sikihesabu. Ukindu, kifuu, aina ya mti na vipimo navyo vinakaa huko huko chini. "Nzuri", "imara" na "bei poa" nimevifuta kabisa, kwa kuwa hakuna anayevitafuta na kila muuzaji anaviandika.

Seti ikiwa kubwa, kwa mfano vyombo kumi na viwili, majina yote hayatoshei. Hapo nakusanya kwa kundi, "Vyungu 3, Miko 4", na orodha kamili inakuwa mstari wa kwanza wa maelezo. "Na vinginevyo" siliandiki tena. Mteja hulijaza kwa anachokitamani, halafu anakuja kukidai.

Picha nayo isipingane na jina. Niliwahi kupiga seti ikiwa juu ya ungo, pembeni nazi mbili, kwa ajili ya pambo. Mteja akadai ungo, nami nikampelekea, kwa sababu picha yangu ndiyo iliyomwahidi. Siku hizi natandika mkeka, napanga vipande sita, na sipigi mpaka nimevihesabu huku nikisoma jina. Fundi akiwa hana kifumbu akanipa kung'uto, nabadilisha neno kwenye jina na picha siku hiyo hiyo, kabla oda nyingine haijaingia.