Programu nisizozijua zimeshika usimamizi wa simu

"Wakuu, nimefungua Device admin apps nimekuta Find Hub, halafu kuna moja inaitwa System Service sijawahi kuiweka. Nikitaka kuifuta, Uninstall haibonyezeki. Inaweza kunifanya nini?"

Find Hub iache, ni ya Google, ya kutafuta simu iliyopotea. Hiyo nyingine iguse jina, usiguse swichi kwanza. Itafunguka orodha ya ilichoruhusiwa. Ukiona Erase all data, ina uwezo wa kurudisha simu kama ilivyotoka dukani, picha zote ziende. Lock the screen maana yake inaweza kukufungia kioo muda wowote. Kusoma meseji hakumo humo. Hilo hutokana na ruhusa nyingine, hivyo pitia pia Accessibility na Notification access.

Kutofutika ni kawaida: Android haiondoi programu ikiwa bado ni msimamizi. Hamisha picha zako kwanza, kisha bonyeza Deactivate this device admin app, ndipo uifute. Baadhi ya hizi jeuri hufunga ukurasa kabla hujabonyeza. Hapo washa simu kwa Safe mode, ambako programu ulizopakua hazifanyi kazi, urudie.

Ila kama simu ni ya mkopo, muuzaji huweka programu yake ya kufunga simu usipolipa. Hiyo swichi yake huwa imefifia kabisa, na haizimiki mpaka umalize deni. Yako ni ya mkopo, mkuu?