Mkutano wa kwanza kama shefu: maneno yenye nilisema, na lile moja lenye lilinigharimu wiki nzima

Jambo yenu. Mdogo wangu mmoja wa Likasi amepandishwa cheo mwezi huu, sasa ataongoza watu wenye alikuwa anakula nao bukari saa sita, na ameniandikia usiku: yaya, Jumatatu niko na mkutano wa kwanza, niseme nini? Nilianza kumjibu kwenye simu nikaona jibu limekuwa refu, basi naliweka hapa juu najua si yeye peke yake.

Mimi niko Lubumbashi, kwenye depo ya vyakula upande wa Kampemba, unga, sukari, mafuta, chumvi. Nilikaa miaka 6 kwa faktiri, nikitoa karatasi za wateja, kisha wakaniweka shefu wa depo. Tuko watu 17, shofere, magazinie, wabebaji, kesi, sentineli. Na kati yao kulikuwa papa mmoja mwenye yuko pale miaka 14, na yeye pia alikuwa ameomba ile nafasi. Kila mtu alijua.

Basi kitu cha kwanza, mkutano wa Jumatatu unaanza Jumamosi. Nilienda kumwona huyo papa baada ya kufunga, nikamkuta anakunja maturubai, nikamwambia: papa, Jumatatu direkteri atanitangaza, sikutaka usikie kati ya watu. Sikumwomba msamaha, juu sikumwibia kitu, na sikumpa maneno ya sukari kwamba yeye ndiye alistahili. Nilimuuliza tu swali moja la kweli: kama ungekuwa wewe, kitu gani hapa depo ungegusa cha kwanza? Akanyamaza kidogo, akasema boni za kutoka, wanazisaini kamiyo ikiwa imeshatoka kwenye lango. Alikuwa na haki kabisa. Nikamuuliza kama naweza kusema mbele ya watu kwamba hilo wazo ni lake, akaitika.

Mtu wa pili wa kuona ni delege wa wafanyakazi, usimruke hata kama hampendani. Mimi kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika kwamba kuanzia wiki ijayo tutafungua saa kumi na mbili na nusu, juu wamama wa soko la Kenya wanafika mapema kutafuta unga na wanakuta lango limefungwa. Niliona ni wazo zuri la kuanzia. Delege akachukua kalamu akahesabu mbele yangu: sasa tunaingia saa moja na nusu, tunatoka saa kumi na nusu, toa saa moja ya kula, ni saa 8 kwa siku, mara siku 5 ni 40, ongeza Jumamosi saa 5, ni 45. Na sheria ya kazi ya 2002 inasimama pale pale, saa 45 kwa juma. Ukiongeza saa moja asubuhi kwa zile siku 5 bila kupunguza jioni, unafika 50, na zile 5 ni saa za ziada zenye zinalipwa kivyake. Nani atalipa? Sikuwa na jibu. Nikafuta ile mistari. Ningeitamka Jumatatu, hakuna kitu kingine kingesikika siku ile.

Halafu direkteri. Nilimuomba afungue yeye, dakika mbili, aseme tangu lini nimewekwa, na aseme wazi nasaini nini: konje, ratiba ya shofere, boni za kutoka. Hii ni muhimu kuliko sifa. Watu wanataka kujua wakienda kwa nani kuomba siku ya matanga, si kujua kwamba wewe ni mtu wa bidii. Kisha nilimuomba aondoke. Akibaki pale, kila swali watu watakuwa wanamtazama yeye, na wewe utakuwa mkalimani tu.

Tulifanya kwenye kibaraza cha kupakilia, saa moja na robo, kabla lango kufunguka. Biro ni ndogo, nusu ya watu wangesimama nje kwenye mlango, na wale wa nje kila mara ni wabebaji. Nilisema kwa Kiswahili, si Kifaransa, hata kama barua yangu ya kupandishwa ilikuwa ya Kifaransa. Niliandika kwenye nusu ya karatasi, sentensi ya kwanza na ya mwisho nikazishika kwa kichwa, juu ndizo zenye mdomo unakauka. Yote ilichukua kama dakika sita. Nilisema hivi, karibu neno kwa neno:

«Jambo yenu wote. Mnanijua, sitajieleza sana. Miaka 6 nilikuwa kwa faktiri, najua foleni ya Ijumaa, najua kamiyo ikikawia inakuwa namna gani. Kitu sijui ni kazi ya kupakia na kazi ya njiani, hizo mtanifundisha, na wiki hii nitasimama hapa kila asubuhi kutazama, si kupeleleza, kujifunza.

Kuanzia leo hakuna ratiba inabadilika. Hakuna mtu anahamishwa. Kitu kimoja tu kinabadilika: boni inasainiwa kabla kamiyo haijafika kwenye lango. Wazo hili si langu, ni la papa wetu pale, na ni yeye atatuonyesha vile tutafanya.

Sasa neno gumu. Tumekuwa marafiki, tumeambiana mambo. Vile vyenye uliniambia zamani nikiwa mwenzako, vinabaki pale, sitavitoa kesho kukupiga navyo. Lakini kuanzia asubuhi hii, ukiniambia kitu cha kazi, unakiambia shefu. Mali ikipotea, ama mtu akiwa kwenye hatari, siwezi kunyamaza hata kama wewe ni ndugu yangu.

Mnaniita vile mlikuwa mnaniita. Mwenye alisema yaya aseme yaya.

Niko na daftari hii. Swali lenye sina jibu, naandika, na Ijumaa saa kumi nawajibu hapa hapa.»

Lile neno gumu ndilo lilinichukua usiku mbili, na kwangu ndio moyo wa hotuba yote kama umetoka kati ya watu wako. Fikiria wewe ni mbebaji. Mwaka jana ulimwambia dada wa faktiri kwamba Jumamosi haukuwa mgonjwa, ulienda Kasumbalesa na bidhaa za shemeji yako. Sasa yule dada ndiye anasaini konje zako. Hautasikia hata neno lake moja mpaka ujue ile siri imeenda wapi. Niliona mabega ya watu wawili watatu yakishuka nilivyosema vinabaki pale. Lakini usiishie hapo, juu ukisema siri zote nitazitunza umejifunga kamba mwenyewe, siku mifuko itapotea watakwambia uliahidi. Ya zamani inabaki, ya leo ni ya kazi, na mali na hatari haziingii kwenye urafiki. Sema zote tatu, kwa mpango huo, usianze na vitisho.

Pale kwa papa, nilimtaja nikimtazama, na sikusema «bingwa wetu» wala nini. Nilimpa kazi. Mtu mwenye alikosa nafasi, ukimsifu mbele ya watu anasikia huruma, na huruma inauma. Ukimpa kitu cha kushika mkononi, chenye alikiwaza mwenyewe, hiyo ni heshima. Asubuhi ile ile alienda langoni na meza ndogo ya mbao, akaiweka pembeni ya sentineli, kalamu ikifungwa na uzi.

Sasa kosa langu. Baada ya hotuba nikauliza kama kuna maswali. Kimya, kawaida, nilihesabu polepole mpaka kumi bila kujaza kile kimya na maneno, na ilisaidia, shofere mmoja akanyoosha mkono: shefu, na primi ya safari ya Kolwezi je? Na mimi, nikiwa na furaha kwamba mtu ameuliza, nikajibu: «Nitaangalia vile tunaweza kufanya.»

Kwangu ilikuwa njia ya heshima ya kusema sijui. Kwao ilikuwa ndiyo. Saa sita wabebaji walikuwa wanasema shefu mpya ameitika primi. Jumatano mama wa kesi akaniita pembeni, akaniambia yule shofere ameingia kwenye likelemba ya pili juu ya hiyo primi, ameshaahidi wenzake ataweka dola 50 mwisho wa mwezi. Nilisikia tumbo kukata. Primi inaamuliwa na direksio, mimi sina hata kalamu ya kuigusa.

Nikaandika barua kwa direksio siku hiyo hiyo, kisha Alhamisi saa moja na robo nikawaita tena, dakika tano, wote, si shofere peke yao, juu uvumi ulikuwa umefika kwa wote. Nikasema: «Jumatatu nilisema nitaangalia. Lilikuwa neno baya, limewafanya mtumaini. Primi sio mimi ninaamua, ni direksio. Jana nimewaandikia, na jibu likifika nitalisoma hapa hata kama ni hapana. Mpaka siku hiyo, mtu asikope juu ya hiyo primi.» Na kabla ya huo mkutano nilimwona yule shofere peke yake, ili asiaibike kati ya watu. Alitoka kwenye ile likelemba bila hasara, juu zamu zilikuwa bado kuanza. Bahati.

Tangu pale, kwa maswali ya makuta nina majibu matatu tu. Ndiyo. Hapana. Ama: haiko kwangu, anayeamua ni fulani, nitamuuliza kabla ya siku fulani. «Tutaona», «tutaangalia», «tutajaribu», hayo yote yafute mdomoni kabla ya kusimama, juu huku kwetu mkubwa akisema tutaona na sauti nzuri, ameitika.

Mdogo wangu ameniuliza pia atajuaje kama hotuba imeshika. Usitazame makofi. Kwangu ilikuwa Ijumaa, kabla ya saa kumi. Magazinie kijana, mwenye zamani alikuwa ananificha kila kitu hata nikiwa kwa faktiri, akaja akasimama kwenye mlango wa biro na boni mkononi, akasema yaya, kuna mifuko miwili ya unga ya kilo 25 siioni, nimehesabu mara tatu, invanteri ni wiki ijayo lakini nimeona nikwambie leo. Tukashuka pamoja na papa, tukafuata boni moja moja kwenye ile meza ya lango, tukakuta kamiyo ya Jumanne ilipakia 42 na karatasi inasema 40. Mteja tukampigia, akahesabu, akakubali.

Saa kumi nikafungua daftari. Maswali yalikuwa matatu, mawili nilijibu, la primi nikasema jibu bado halijafika.