Usinunue betri, pima jointi kwanza

"Inveta inalia betri lo kila nikiwasha lodi kubwa, ila betri ikiwa imekaa tu inasoma 12.6. Nataka nibadili betri. Halafu feruli kwenye kontrola ni lazima?"

Weka hela mfukoni!! Mimi nilibadili betri kwa tatizo hilihili na ile mpya ikalia vilevile siku ileile, nikabaki naiangalia tu.

Chukua mita, washa hiyo lodi, kisha pima kwenye risasi yenyewe ya betri, sio kwenye nati. Yangu ilisoma 11.7 nikivuta kama ampia 75, nikahamia kwenye tundu za inveta nakuta 10.6. Volti 1.1 zimepotelea njiani! Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye risasi ya hasi na mwingine kwenye lagi yake, kile kichwa cha waya kinachofungwa na nati, sentimita moja tu hapo, volti 0.9. Zidisha na ampia 75 upate wati kama 67, yaani soldaringi ya fundi redio imewashwa juu ya betri yangu, na mimi najiuliza mbona kifuniko cha plastiki kimelegea kama mshumaa.

Chanzo ni fundi aliyeniambia "washa ya nati ikae chini, lagi isile risasi". Akaweka washa ya chuma kati ya lagi na betri, na lagi yenyewe kaipiga nyundo, ukivuta waya unacheza ndani. Na alilipwa huyo! Chuma hakipitishi umeme kama shaba, jointi inapata moto, risasi ni laini inatanuka inaminywa, ikipoa nati imelegea, kesho moto unazidi, basi hivyohivyo mpaka iungue.

Lagi ilale kwenye risasi MOJA KWA MOJA, washa bapa juu yake, ya springi, halafu nati. Lagi ibanwe na mashine yake ya kukrimpu, uvute kwa nguvu isitoke. Kukaza fuata kipimo kilichoandikwa kwenye betri, usikaze kwa hasira, uzi wa risasi unakatika nikajua hilo pia kwa gharama zangu (usicheke). Kisha rudia kupima lodi ikiwa imewaka, jointi nzuri kwa ampia hizo inakupa milivolti chache, mimi nikiona 50 nafungua. Baada ya kama wiki rudia tena, maana jointi mpya hujilaza.

Feruli, kile kibomba kidogo cha kuvisha ncha ya waya, weka, nyuzi nyembamba zikibanwa na skrubu zinatawanyika, nusu ndio zinashika. Usipake solda badala yake, inaminyika pole pole na skrubu inabaki inaelea.

Haya zima lodi, fungua hasi kwanza, spana isiguse pande mbili, uangalie chini ya lagi kuna nini. Ukikuta washa niambie, nitajua ni yule yule fundi.