Kozi haifanani na tangazo, nadai vipi hela yangu?

"Wadau, nimelipia kozi ya data mtandaoni, ndani nimekuta vitu vingine kabisa. Gerentii yao ni ya siku 14 na bado haijaisha. Niwaandikieje wasinizungushe?"

Mkuu, kabla hujaandika chochote fungua ukurasa wa masharti ya rifandi, sio tangazo, maana gerentii za hizi kozi zinapingana. Kuna wanaokunyima kama umeshaangalia sehemu kubwa ya video au umedaunlodi mafaili, halafu kuna wanaotaka uoneshe umefanya mazoezi ndio wakurudishie. Kwahiyo kuna kozi ukiikimbiza kuimaliza umejifunga mwenyewe, na kuna nyingine usipoigusa ndio umejifunga. Na siku mara nyingi wanahesabu toka ulipolipa, sio ulipoanza kusoma.

Yangu ilikuwa ya dola 49, tangazo linasema SQL na Power BI. Naingia ndani, moduli karibu zote Excel, SQL ina kavideo kamoja ka utangulizi, Power BI hamna kabisa. Nikapiga skrinishoti tangazo lote pamoja na orodha ya masomo, tarehe ionekane, kwasababu wauzaji wengine wanabadilisha tangazo halafu anakuuliza wewe hayo uliyaona wapi (kama lako wameshalibadilisha jaribu web.archive.org, saa nyingine kopi ya zamani ipo).

Imeili yangu ilikuwa fupi: "Nililipa tarehe hii, namba ya oda hii. Tangazo lilisema SQL na Power BI, skrinishoti ya kwanza. Kilichomo ni Excel, skrinishoti ya pili. Bado niko ndani ya gerentii, naomba mrudishe dola 49 zote kwenye kadi niliyolipia." Sikugusa habari za mwalimu kuboa wala sauti mbaya, ukianza hayo watakwambia ni mtazamo wako tu na mtabishana wiki nzima, ila somo lililotangazwa halafu halipo wanabisha nini?

Wakajibu eti wananipa kozi nyingine bure. Hapo ndio wengi wananaswa, unasema ngoja niicheki huku siku zinakatika. Nikajibu kwenye imeili ileile kwamba sihitaji, naomba rifandi, wakakubali.

Hela inarudi njia ileile uliyolipia, kwahiyo kama ulitumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa usiifute kwanza. Shilingi zinaweza zikapungua au kuongezeka kidogo sababu ya reti ya dola ya siku hiyo.

Wakigoma kabisa, peleka madai kwa waliokupa kadi pamoja na hizo skrinishoti na majibu yao. Kwa Visa kesi ya kitu kisichofanana na maelezo kwa kawaida ina siku 120, ila benki zingine zinataka uwahi zaidi. Usifungue wakati muuzaji ameshaanza kurudisha, itaonekana unadai mara mbili.

Bandika hapa hicho kipengele chao cha rifandi tukione.